Kusoma trakoma kwenye picha ya kifuniko cha jicho: folikuli, makovu na kope zilizogeukia ndani

Picha nyingi za macho zinazomfikia daktari wa macho wa Bukavu au Lubumbashi kutoka vituo vya afya vya mbali huja moja moja: kifuniko cha juu kimegeuzwa, torshi imesogezwa karibu, na chini yake swali, "Daktari, hii ni trakoma?" Picha ya namna hiyo inaweza kuonyesha folikuli na makovu. Haiwezi kuonyesha kama kope zinagusa jicho, kwa sababu kifuniko kikishageuzwa, kope zote zimekwisha kuhamishwa mahali pake. Kwa hiyo kabla ya kujifunza kusoma picha lazima tukubaliane ni picha zipi zipigwe.

Katika mwongozo huu, kifuniko ni ngozi inayofunika jicho, na kope ni nywele zilizoota pembeni mwake. Tunatumia mfumo rahisi wa Shirika la Afya Duniani (OMS) uliotolewa mwaka 1987, ambao ndio unaotumika katika uchunguzi wa trakoma nchi nyingi. Una alama tano: TF ni folikuli, yaani vinundu vidogo vya mviringo kwenye utando wa ndani wa kifuniko, TI ni uvimbe mkali wa utando huo, TS ni makovu, TT ni kope zinazogusa jicho, na CO ni ukungu mbele ya mboni, kwenye konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho. Kila alama hujibiwa peke yake, ndiyo au hapana, kwa kila jicho. Siyo ngazi za kupanda kutoka moja hadi tano. Jicho moja linaweza kuwa na TF na TS pamoja, na lingine TT bila folikuli hata moja.

Kanuni moja inatawala zote: alama ihesabiwe tu ikiwa inaonekana wazi. Ukiwa na shaka, jibu ni hapana. Wengi hudhani kuandika ndiyo kwenye shaka ni kumlinda mgonjwa. Kumbe katika uchunguzi wa zoni ya afya nzima, shaka chache za watoto zikigeuzwa kuwa ndiyo zinaweza kuisukuma zoni kwenye ugawaji wa dawa isiyoihitaji.

Picha za kupiga, na mpangilio wake

Anza na kope, kabla hujagusa chochote. Mgonjwa atazame mbele, macho wazi kama kawaida, nawe upige picha ya kwanza usawa wa jicho. Kisha shusha telefone kidogo, uelekeze kamera juu, mgonjwa akiendelea kutazama mbele, upige ya pili. Picha hii ya kutoka chini ndiyo inayofichua ukope mfupi uliolala juu ya konea, ambao kwa mbele unajificha nyuma ya kope nzima. Ngozi ya mzee ikiwa imelegea na kuning'inia, inyanyue kidogo kwa kidole karibu na nyusi, bila kuvuta ukingo wa kifuniko. Ukivuta ukingo unaondoa kope kwenye jicho, na TT inapotea mbele ya macho yako.

Baada ya hapo ndipo unageuza kifuniko. Nawa mikono au paka jeli ya alkoli kabla ya kila mtu. Mwambie atazame chini bila kufumba. Shika kope za katikati, vuta taratibu chini na mbele, weka kijiti cha pamba juu ya kifuniko, kama sentimita moja kutoka ukingoni, kisha kunja kifuniko kukizunguka kijiti. Ondoa kijiti, ubane kope kwenye mfupa wa nyusi kwa kidole gumba. Usikandamize jicho, na usikandamize utando wenyewe. Shinikizo huifukuza damu, utando unakuwa mweupe, na msomaji aliye mbali anaweza kuandika makovu yasiyokuwepo.

Piga picha mbili za kifuniko kilichogeuzwa, ya pili ukiwa umesogea kidogo upande mmoja. Hii si ya akiba tu. Mng'ao wa taa juu ya machozi hutoa nukta nyeupe zinazofanana sana na folikuli, lakini ukisogea nazo husogea. Folikuli hubaki palepale. Msomaji mwenye picha moja hubaki akikisia. Mwenye mbili hana haja.

Kwenye picha hizo lazima kuwe na kipimo. Kata kipande cha rula ya karatasi yenye milimita, kishikwe pembeni mwa kifuniko, usawa uleule na utando. Rula ikiwa sentimita moja mbele ya utando itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na folikuli zote zitapimwa kuwa ndogo kuliko ukweli. Kila mgonjwa apate kipande kipya.

Kuhusu telefone, usiibandike karibu na jicho. Simu nyingi hushindwa kuona vizuri chini ya sentimita kama 10, na picha inayotoka ni ukungu mtupu. Rudi nyuma kidogo, tumia kukuza mara mbili, gusa skrini katikati ya utando ili simu itazame hapo badala ya kope au kidole. Zima kabisa hali ya kurembesha uso, kwa kuwa kazi yake ni kulainisha ngozi, na inafuta vitu vilevile unavyovitafuta. Mwanga wa mchana kivulini ni bora kuliko torshi ya simu. Mwisho, ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokima, si kama picha ya kawaida, maana programu huibana picha ili iwe nyepesi na mishipa midogo hupotea. Faili lipewe namba ya mgonjwa, jicho la kulia au kushoto, na namba ya picha. Jina lake lisiwepo, na uso wote usionekane.

Kabla ya kuhesabu, chora eneo

Utando wa kifuniko cha juu kilichogeuzwa hausomwi wote. Sehemu ya katikati, iliyolala juu ya bamba gumu la kifuniko, ndiyo inayosomwa. Pembe mbili, ya upande wa pua na ya upande wa sikio, pamoja na mpaka ule ambapo bamba linaishia na utando unakunjika kurudi ndani, huachwa. Sehemu hizo zinaweza kuwa na folikuli hata kwa mtu mwenye afya, hasa watoto. Fungua picha kwenye kompyuta, chora mstari wa eneo la katikati, na kitu chochote cha nje ya mstari kisikushughulishe tena. Makosa mengi ya TF huzaliwa hapa.

Kisha tafuta kipimo cha pikseli. Pima milimita 10 za rula kwenye picha. Zikiwa pikseli 420, milimita moja ni pikseli 42, na nusu milimita ni pikseli 21. Nusu milimita ndiyo mpaka wa folikuli: TF ni folikuli tano au zaidi, kila moja na kipenyo cha milimita 0.5 au zaidi, zikiwa ndani ya eneo la katikati. Tunasisitiza kupima kwa sababu mfumo huu ulitengenezwa kwa mtu anayetazama kwa lenzi ya kukuza mara 2.5. Kwenye skrini unaweza kukuza mara 10 na kila chembe ikaonekana kama folikuli kubwa. Bila rula, picha humfanya msomaji aone ugonjwa mwingi kuliko anfirmie aliyekuwa mbele ya mtoto.

Kutenga vitu vyeupe

Karibu kazi yote ya picha hii ni kujua weupe huu ni wa nini. Folikuli ni mviringo, ya rangi nyeupe, kijivu au manjano hafifu, imeinuka, na imepauka kuliko utando unaoizunguka. Kingo zake si kali. Zinafifia polepole kwenye wekundu. Mishipa ya damu hupita pembeni mwake, haichomozi katikati. Hili la mishipa ndilo linaloitenga na papila, ambazo ni vidoti vyekundu, kila kimoja na mshipa wake katikati. Mtoto mwenye mzio wa macho, anayejikuna bila kupumzika, anaweza kuwa na papila kubwa zilizobanana, bapa juu na zenye pembe. Ukiona vilima hivyo vyekundu, si folikuli hata viwe ishirini.

Kovu lina tabia nyingine. Ni jeupe la kung'aa, lenye nyuzi, na umbo lake ni mstari, mkanda, nyota au shuka. Kingo zake zimenyooka au zina pembe, na zimekatwa wazi. Kovu halijainuka. Mara nyingi linalala au hata kuvuta utando. Mkanda mmoja hujulikana sana: unakwenda sambamba na ukingo wa kifuniko, milimita chache kutoka kope, na huitwa mstari wa Arlt. Ukiwepo na unaonekana wazi, andika TS.

Tatizo huja pale makovu madogo yanapokaa kwenye utando wenye uvimbe. Kati ya makovu mawili yanayokutana hubaki kisiwa cha utando mwekundu, na kati ya folikuli hubaki mabonde mekundu. Kwa haraka vyote vinafanana. Jiulize: kitu cheupe ndicho cha mviringo, au chekundu ndicho cha mviringo na cheupe kinakizunguka kama wavu? Cheupe cha mviringo ni folikuli. Wavu mweupe ni kovu.

Kuna wengine watatu wa kufukuza. Wa kwanza ni ute wa usaha, mweupe na wenye nyuzi, ambao hutoweka ukipanguswa na pamba safi, na ndiyo maana jicho lenye tongotongo lipanguswe kabla ya picha. Wa pili ni chembe ngumu za manjano ambazo watu wazima wengi wanazo: ndogo, kali pembeni, kama chumvi iliyonyunyizwa. Wa tatu ni tezi za mafuta za kifuniko, mistari ya manjano hafifu inayosimama wima kuelekea ukingoni, iliyopangwa kwa nafasi sawa. Kovu halipangiki hivyo.

TI, na jinsi kovu linavyoidanganya

Utando wenye afya unaonyesha mishipa ya ndani inayosimama wima. TI ni pale utando unapovimba na kuwa mzito kiasi kwamba zaidi ya nusu ya mishipa hiyo haionekani. Kwenye picha mtego ni mmoja: mishipa inaweza kupotea kwa sababu nyingine. Picha yenye ukungu huificha. Mwanga mkali huifuta. Na shuka la makovu huifunika, hata pasipo na uvimbe wowote.

Kwa hiyo usiandike TI kwa sababu tu mishipa haipo. Tafuta wekundu na unene pamoja: utando wa TI ni mwekundu, umejaa, mara nyingi na papila. Ikiwa pale mishipa ilipopotea pana weupe bapa unaong'aa, hiyo ni TS. Ikiwa hata kope zilizo pembeni mwa picha hazionekani kwa ukali, andika "picha haisomeki" na uombe nyingine. Kwa maoni yetu jibu hilo litumike zaidi ya linavyotumika sasa.

Kope

Rudi sasa kwenye picha za kwanza. TT ni ukope mmoja au zaidi wa kifuniko cha juu unaogusa jicho lenyewe, iwe konea au weupe, au dalili kwamba kope zilizogeuka zimeng'olewa karibuni. Marekebisho ya mfumo yaliyochapishwa mwaka 2020 yanahesabu kifuniko cha juu pekee. Kope za chini zinazogusa zinamsumbua mgonjwa na zinastahili kushughulikiwa, lakini haziitwi TT.

Fuata kila ukope kutoka mzizi hadi ncha. Usitazame ncha peke yake. Ukope unaopita mbele ya jicho hewani huonekana kwenye picha ya mbele kana kwamba unagusa. Kwenye picha ya kutoka chini utaona nafasi kati yake na jicho. Unaogusa kweli huwa na dalili ndogo pale unapokutana na machozi: unapinda, au maji yanapanda kidogo kuuzunguka, na kivuli chake kinaungana nao nchani.

Kung'oa kope kwa kibano ni jambo la kawaida kwa wanawake wazee walioishi na maumivu haya miaka mingi. Jicho linaonekana safi kwa sababu wamelisafisha asubuhi. Kuza ukingo wa kifuniko utafute vishina vifupi vilivyokatika au pengo kwenye mstari wa kope, na pamoja na picha muulizeni mgonjwa mwenyewe. Picha peke yake haijui kama pengo ni la kibano au la uzee.

Mtoto na mama yake: usomaji kamili

Tuchukue picha za kufundishia za aina inayokutwa mara nyingi. Mtoto wa miaka 6, jicho la kulia. Picha za mbele na kutoka chini: kope zote ziko mbali na jicho, konea ni angavu. TT hapana, CO hapana. Kifuniko kikigeuzwa, rula inatoa pikseli 42 kwa milimita, kwa hiyo mpaka ni pikseli 21. Msomaji anaona nukta nyeupe 14. Akilinganisha picha mbili, 3 zimehama: ni mng'ao. Zimebaki 11. Nne ziko nje ya mstari, mbili kwenye pembe ya upande wa sikio na mbili kwenye mkunjo. Zimebaki 7. Moja ina pikseli 16, ndogo mno. Sita zilizobaki zina kati ya pikseli 24 na 34, mviringo, kingo zinazofifia, mishipa ikizizunguka. TF ndiyo. Mishipa ya wima inaonekana katika theluthi mbili za utando, kwa hiyo TI hapana. Hakuna mstari wala mkanda mweupe: TS hapana.

Angalia kwamba 14 zimekuwa 6. Kama zingebaki tano, na moja kati yake ina pikseli 21 kamili, jibu lingesimama juu ya upana wa pikseli moja, na rula iliyoinama kidogo ingetosha kuligeuza. Hapo msomaji wa pili asome bila kuona jibu la kwanza, na wakitofautiana, wa tatu aamue.

Mama yake ana miaka 45. Utando wa kifuniko chake umepauka, mishipa haionekani karibu kote. Msomaji wa haraka ataandika TI. Lakini hakuna wekundu wala unene. Kuna mkanda mweupe sambamba na ukingo, na kutoka kwake nyuzi zinazotawanyika kama wavu. TS ndiyo, TI hapana. Kwenye picha ya mbele hakuna ukope unaoonekana kugusa. Kwenye ile ya kutoka chini, kope mbili fupi zimelala juu ya konea upande wa pua, na kando yake kuna vishina vitatu. TT ndiyo. Mboni inaonekana kwa kingo zake zote, kwa hiyo CO hapana. Kama angepigwa picha ya kifuniko kilichogeuzwa peke yake, angerudishwa nyumbani na neno "makovu tu", wakati kope zinaendelea kuikwaruza konea yake.

Jibu la picha linafika wapi

TT iliyoonekana kwenye picha ni sababu ya kumwita mgonjwa haraka, na uamuzi wa upasuaji hufanywa na mtu anayemwona uso kwa uso. Kwa TF ni tofauti kidogo. Folikuli ni mwitikio wa mwili, na zinaweza kubaki wiki au miezi baada ya bakteria Chlamydia trachomatis kuondoka. Virusi na sababu nyingine huzileta pia. Mtoto wa kartiye ya Goma mwenye folikuli sita, anayetoka mahali ambapo trakoma haijaenea, kuna uwezekano mkubwa ana kitu kingine. Folikuli zilezile kwa mtoto wa kijiji ambako watoto wengi wanazo na mama zao wana makovu zina uzito mwingine. Kwa hiyo dokima inayotumwa na picha itaje umri na anakoishi.

Anfirmie akipewa jibu la TF na daktari akaamua kumtibu mtoto kwa trakoma, dawa ni azitromisini, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja ya kunywa, isizidi gramu 1. Mtoto wa kilo 18 anapata miligramu 360. Isipopatikana, ni marhamu ya tetrasiklini ya macho ya asilimia 1, macho yote mawili, mara mbili kwa siku, wiki 6. Marhamu ndiyo hutumika pia kwa watoto wachanga wasiofikisha miezi 6. Ugawaji kwa watu wote ni uamuzi wa zoni, unaotokana na uchunguzi wa watoto wa miaka 1 hadi 9 waliochaguliwa kwa utaratibu: TF ikifika asilimia 5 au zaidi, hatua za jamii nzima zinaanza. Picha za watoto walioletwa kituoni kwa sababu macho yanauma haziwezi kutoa asilimia hiyo, hata zikiwa mamia, kwa kuwa waliobaki nyumbani bila maumivu hawamo ndani yake.